Ushauri Niliompa Kaka Yako

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa siku tisa katika mfuko wa ovaroli yangu, na sasa ina alama ya grisi pembeni. Nisamehe. Sitakudanganya kwamba sikupata nafasi, nafasi ilikuwepo. Unaniuliza jambo jepesi tu: umemaliza miaka mitatu ya shule ya ufundi, mwezi ujao unapelekwa kwa mwajiri mjini kwa ile miaka miwili ya kujifunza kazini, na unataka kujua uandae nini. Unasema kaka yako ndiye aliyekuambia uniandikie mimi, kwa kuwa nilipitia njia hiyo hiyo na ufundi ni huo huo wa umeme. Kusikia kwamba ni yeye aliyekutuma ndiko kulikonizuia kushika kalamu.

Nitakujibu. Nitaanza na yaliyo rahisi, kisha nitakueleza jambo ambalo kaka yako analijua na nyinyi wengine nyumbani hamlijui. Ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe kama mimi ni mtu wa kuulizwa.

Vyombo kwanza. Usije mjini ukitegemea kuazima. Fundi wa mjini atakuazima mke wake kabla ya kukuazima koleo. Uwe na koleo lako lenye mpini uliovikwa mpira, bisibisi mbili, ndogo na kubwa, nyundo, kisu cha kumenyea waya, futi ya kukunja, na patasi ya chuma ya kuchimbia ukuta. Msumeno wa chuma na mashine ya kukatia hesi, yale meno ya kuunganishia mabomba ya kupitishia waya, ni mali ya kampuni, usijisumbue. Kila chombo ukikwaruze alama yako kwenye chuma, wala si kwenye mpini, maana mpini hubadilishwa.

Viatu. Najua shuleni mlikuwa mkijisifu kutembea pekupeku. Huku utapelekwa Kitisuru kwenye majumba ya Wazungu yanayojengwa, lori litakushusha barabarani, na kutoka barabarani hadi kwenye nyumba yenyewe ni mwendo wa kokoto na misumari ya mbao za zege. Nilimwona mwenzetu mmoja akikanyaga msumari siku ya tatu, na hiyo ndiyo ikawa siku yake ya mwisho.

Sasa hili nalo ulitie kichwani. Kabla hujagusa waya wowote, chomoa fyuzi, kisha uitie mfukoni mwako. Usiiache mezani, wala juu ya sanduku la swichi. Iwe mfukoni, ukiisikia pajani. Katika nyumba moja huko Kitisuru ambayo watu walikuwa wameshahamia, fundi aliweka fyuzi dirishani akapanda ngazi. Mpishi akaona jiko lake la umeme limepoa, akaiona fyuzi, akairudisha mahali pake kwa nia njema kabisa. Fundi alirushwa kutoka juu ya ngazi. Hakufa, lakini bega lilivunjika na mpaka leo hawezi kuinua mkono kushika dari. Mpishi alilia kama mtoto. Mimi nililishika lile bega wakati tunampandisha garini, na sijasahau jinsi lilivyokuwa likicheza ndani ya ngozi.

Tena kuna daftari. Shule itakupa daftari la kazi, na kila kazi unayofanya unaiandika humo, fundi wako anatia sahihi Jumamosi, na siku ya mtihani wa daraja wale wasahihishaji watalifungua kabla ya kukuuliza hata jina. Andika kila siku. Tena ukiona wiki ya tatu unaandika neno lile lile, nenda kamwambie fundi. Mimi sikwenda. Niliandika "kuchimba mifereji ya mabomba ukutani" kwa wiki kumi na nne, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa na nilidhani unyamavu ni adabu. Mwalimu wetu Mzungu alipokuja na pikipiki kukagua, alisoma kurasa zile zote, akaniambia mbele ya watu kwamba shule haikunifundisha miaka mitatu ili niwe panya wa kuta. Nilimchukia kwa kusema hivyo. Alikuwa na haki. Wiki iliyofuata nilivuta waya kwa mara ya kwanza, nikaufunga nchani mwa utepe wa chuma unaopitishwa ndani ya bomba, mwenzangu akivuta upande wa pili, na ulipotokea nilicheka peke yangu.

Hayo ndiyo rahisi. Ningeweza kukomea hapa, ungenishukuru, na mambo yangekwisha.

Siku yangu ya kwanza nilichelewa. Sisi watu wa magharibi tulikuwa tunajiendea wenyewe, mtu na barua yake ya shule mkononi. Nilijua jina la barabara lakini sikujua kwamba mlango wa karakana uko uchochoroni nyuma, baada ya duka la mbao. Nilizunguka katikati ya mji kama kuku aliyefungwa kamba, nikafika saa mbili badala ya saa moja. Fundi mkuu alikuwa Singasinga mmoja mzee, ndevu nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Hakunipigia kelele. Alitazama saa yake, akatazama barua yangu, akasema, "Wewe hapana jua njia, sasa wewe jua fagio." Nilifagia wiki nzima. Wenzangu waliofika saa moja walikuwa wanapiga hesi, mimi nafagia vumbi lao la chuma. Aibu ile iliniingia mpaka kwenye mifupa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kaka yako. Alikuwa nyuma yangu mwaka mmoja shuleni, kitanda chake kilikuwa mkabala na changu, na nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa maswali. Aliniandikia kama ulivyoniandikia wewe. Kampuni ilikuwa ile ile yangu. Nami nikaona hapa ndipo pa kujionyesha kaka mkubwa. Niliandika kurasa tatu. Vyombo, viatu, fyuzi, daftari. Mwishoni, kwa wino mzito, nikaandika hivi, na ninayakumbuka maneno yenyewe kwa sababu nimeyarudia mara nyingi kuliko sala:

"Usingoje lori la shule Jumatatu. Lori hilo huchelewa na fundi wetu hasamehi. Njoo Jumapili mchana, nitakungoja stendi ya basi, utalala kwangu Kaloleni, na Jumatatu saa moja kamili tutasimama mlangoni pamoja."

Unajua kwa nini shule ilikuwa na lile lori? Mimi nilikuwa sijui. Nilidhani ni la wavivu. Hali ya Hatari ilikuwa imeshika kila mahali, na kila Mkikuyu, Mwembu na Mmeru alitakiwa kuwa na kitabu cha pasi kinachosema anafanya kazi kwa nani na anaruhusiwa kukaa wapi. Mwanafunzi anayeanza kwa mwajiri hakuwa na kitu kitabuni zaidi ya jina la shule. Kwa hiyo shule iliwapa vijana wenu wa makabila hayo karatasi ya ruhusa yenye tarehe ya Jumatatu, ikawapakia kwenye lori pamoja na mwalimu, akawakabidhi mkononi mwa karani wa kampuni, na karani akawapeleka ofisi ya kazi wagongewe muhuri. Jumatatu ndiyo ilikuwa halali. Jumapili kijana yule yule, na karatasi ile ile mfukoni, alikuwa mtu aliyeingia mjini bila ruhusa.

Mimi mtu wa magharibi nilikuwa na kipande changu tu, kile kitambulisho cha kila mfanyakazi. Nilikuwa nimetembea mji huu mwaka mzima, nikisimamishwa, nikionyesha, nikiambiwa "pita". Niliwaona watu wenu, Wakikuyu, wakichuchumaa barabarani mikono kichwani. Niliwaona, mdogo wangu, siwezi kusema sikuwaona. Ila nilipokaa kuandika barua yangu nilimwandikia mtu kama mimi. Nilimpa njia yangu kana kwamba miguu yake ni yangu.

Naye aliniamini. Baadaye nilisikia kwamba mwalimu alimuuliza kwa nini anakwenda nyumbani Jumamosi badala ya kulala bwenini angoje lori, naye akasema anakwenda kumuaga mama. Alimuaga kweli. Mama yenu alimfungia viazi na mahindi katika kitambaa. Baada ya ibada alishika barabara ya Ngong na sanduku lake la vyombo, nusu kwa miguu, nusu kwa basi.

Nilikuwa stendi tangu saa saba. Nilimwona akishuka, amevaa viatu vipya, vyeusi, vinambana, anatembea kwa kuchechemea kidogo na anacheka. Nilinyoosha mkono kumwita. Sikuwahi kufungua mdomo. Malori mawili ya polisi yaliziba barabara huku na huku, na mara watu wote tukawa tumekaa chini.

Walitugawa. Afisa Mzungu alisimama pembeni na fimbo kwapani, kazi ilifanywa na askari. Wakikuyu, Waembu na Wameru upande wa ukuta, sisi wengine upande wa mabasi. Kati yetu ilikuwa barabara tu, nafasi ya lori moja kupita. Nilionyesha kipande changu, askari akanirudishia, lakini akaniambia nisisimame mpaka kazi iishe.

Kwa kaka yako walifika mapema. "Kitabu yako?" Akatoa. "Hii naandika shule. Shule iko hapa?" Akatoa karatasi ya ruhusa. Askari hakuwa mjinga, alisoma, akamwonyesha Mzungu kwa kidole mahali pa tarehe. Wakamwaga sanduku. Patasi, nyundo na kisu vikalia juu ya lami, na nikaona jinsi vinavyoonekana vibaya vikiwa vimelala hivyo mbele ya bunduki. Kisha wakampekua koti, wakapata barua yangu.

Askari aliisoma kwa sauti, akitafsiri kwa Kiingereza kibovu. Alipofika pale pa "utalala kwangu Kaloleni" Mzungu akainua kichwa. Mtu kumlaza Mkikuyu asiye na ruhusa ilikuwa kosa, watu walikuwa wanafungwa kwa hilo na kufukuzwa mjini. Barua ilikuwa na jina langu chini, jina zima, na nilikuwa nimelipigia mstari kwa majivuno.

Askari akageukia upande wetu, akaliita jina hilo kwa nguvu. Mara mbili.

Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nikatazama magoti yangu.

Ukitaka kujua nilifikiria nini, sikufikiria mengi. Niliona chumba changu Kaloleni, kitanda, godoro la pili nililoazima kwa jirani. Nikaona daftari langu la kazi likiwa limebaki na mwaka mmoja. Nikajiambia kwamba nikisimama tutakwenda wawili, nisiposimama atakwenda mmoja, na kwamba mmoja ni afadhali kuliko wawili. Hesabu safi kabisa. Mwoga hakosi hesabu.

Basi askari akamrudia kaka yako. "Huyu rafiki yako iko hapa? Nyoosha kidole."

Kaka yako aliinua uso. Alitazama safu zetu polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, na macho yake yakanifikia, yakakaa juu yangu kama mtu anayesoma, kisha yakaendelea mbele.

"Hajafika, afande," alisema.

Wakampiga kibao kwa kuwapotezea wakati, wakampakia. Viazi vya mama yenu vilikuwa vimetawanyika, na mabasi yalipoanza tena kupita yalivikanyaga.

Sasa utasema: ni woga wa dakika moja, bunduki zilikuwepo, nani asiyeogopa? Watu niliowahi kuwadokezea nusu ya kisa hiki waliniambia hivyo, na niliwaacha waseme kwa sababu nilipenda kusikia. Lakini nusu nyingine sikuwaambia.

Jumatatu nilifika kazini saa moja kamili. Kumbuka kwamba kampuni ilikuwa na barua ya shule yenye jina la kaka yako, kampuni ilimtaka, na karani alikuwa mtu wa kuingia na kutoka ofisi ya kazi kila wiki. Miezi miwili kabla ya hapo mchomeleaji wetu mmoja, Mmeru, alikamatwa akinunua sigara, kitabu amekisahau nyumbani. Yule mzee Singasinga alivaa koti, akafuatana na karani, wakamtoa siku hiyo hiyo. Mwajiri akisema "huyu ni wangu" mlango ulikuwa unafunguka, ilimradi aseme mapema, kabla mtu hajapelekwa kuchujwa kwa maswali na kutiwa kambi ya kizuizini. Nililijua hilo. Nililala Jumapili nikilijua.

Lori la shule lilifika saa mbili kasorobo. Mwalimu aliwashusha vijana wawili, akauliza kama wa tatu alikuja mwenyewe. Mzee Singasinga akatuita sote mlangoni, barua ya shule mkononi. Akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka shule ile. "Huyu mtu ya tatu," akasema, "wewe naona yeye? Yeye kuja mji?"

Ningesema, wangeuliza nimejuaje. Ningesema nimejuaje, wangefika kwenye ile barua, na kutoka kwenye barua hadi kwangu ni hatua moja. Hapakuwa na bunduki hapo, mdogo wangu. Palikuwa na mzee wa miwani ya uzi, na karani aliyekwisha vaa kofia yake kwenda ofisi ya kazi.

"Hajafika," nikasema.

Mzee aliguna. Alichukua penseli ya nyuma ya sikio, akakata jina kwenye orodha, akamwambia mwalimu kwamba asiyefika siku ya kwanza hana nafasi kwake. Mwalimu alisema maneno mawili matatu kuhusu vijana wasio na shukrani, akaondoka. Shule ikavunja mkataba wake wa mafunzo wiki hiyo. Kaka yako alikaa kambini miaka miwili na zaidi. Alitoka na vidole vya mkono wa kulia visivyokunjika, na mnamwona huko nyumbani, anabeba mawe machimboni, yeye ambaye angekuwa fundi bora kuliko mimi. Mimi polisi hawakunifuata, barua ile sijui iliishia wapi, nikapita mtihani wa daraja. Cheti changu kiko ukutani.

Hajanidai kitu hata siku moja. Tulionana mara moja tangu arudi, njiani, akanisalimu kwa mkono wa kushoto na kuniuliza habari za kazi. Nilijibu habari za kazi.

Kwa hiyo andaa hivi. Pasi wameilegeza kidogo siku hizi lakini haijaondoka, usisikilize wanaokuambia imeondoka. Soma tarehe ya karatasi yako wewe mwenyewe, na kabla ya tarehe hiyo usivuke kuingia mjini hata kwa kumfuata daktari. Panda lori la shule. Likichelewa, liache lichelewe, na ukipewa fagio, fagia. Usitembee na barua ya mtu yeyote mfukoni, hii ikiwa ya kwanza, ila kabla hujaichoma mpe kaka yako aisome, kisha muulize mbele ya mama kama nimeandika kweli.

Mzee Singasinga bado yupo, nami bado namfanyia kazi. Jana saa nne asubuhi, kabla sijashika kalamu, nilikwenda mezani kwake nikamweleza yote, ile ya stendi na ile ya mlangoni. Alivua miwani. Halafu akaniuliza lile jina aliloandikiwa na shule wakati ule, nami nikamtajia, akaliandika upya mwenyewe. Alisema mkono usiokunjika hauwezi kupiga hesi, lakini stoo inahitaji mtu anayejua kila kifaa cha umeme kwa jina, na karani atakwenda ofisi ya kazi akipata jibu. Leo asubuhi aliniita nikabidhi kwa mwingine funguo za karakana nilizokuwa nikizitunza.

Muulize kaka yako kama atakuja. Akikataa, asiniandikie sababu. Naijua.